Alama Moja Kwenye Mstari wa Daftari

Picha imeingia kwenye simu jioni: ukurasa wa daftari la hesabu, kivuli cha mkono upande wa kulia, na chini yake ujumbe mfupi. "Shikamoo mjomba. Naomba unisaidie hii, mwalimu anataka tutumie njia ya kuondoa." Katikati ya ukurasa kuna milinganyo miwili iliyoandikwa kwa penseli:

3x + 4y = 10
5x − 6y = 4

Kazi ya kwanza ni kuinakili upya, x ikae chini ya x, y chini ya y, na alama ya sawasawa chini ya mwenzake. Mstari wa juu nauita M1, wa chini M2. Majina haya yana kazi yake, kwa sababu katika njia hii kila hatua humpata mstari mzima, kushoto na kulia kwa pamoja, na anayesoma lazima aone ni mstari upi umefanywa nini.

Tunachotafuta ni namba mbili, moja ya x na moja ya y, zinazoitosheleza milinganyo yote miwili kwa mara moja. Ugumu ni kwamba kila mstari una vitu viwili visivyojulikana. Kama tungepata mstari wenye kimoja tu, kazi ingekuwa nyepesi. Kwa hiyo tunaitengeneza ile mistari mpaka y ya juu na y ya chini zifutane. Ruhusa tulizo nazo ni tatu: kubadilishana nafasi za mistari, kuzidisha mstari mzima kwa namba yoyote isiyo sifuri, na kuujumlisha mstari mmoja, au kizidisho chake, kwenye mwingine. Ya kwanza haina la kueleza, maana mistari haijali nani katangulia. Hizo mbili nyingine ndizo wanafunzi huzitumia bila kuambiwa kwa nini zimekubaliwa.

Kwanza tuchague cha kuondoa. Tukitaka x iondoke, tunazo 3 na 5, na kigawe chao kidogo cha shirika ni 15. Tukitaka y iondoke, tunazo 4 na 6, na kigawe chao ni 12. Naichagua y. Namba zake ni ndogo kidogo, lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba alama zake hazifanani: juu ni jumlisha, chini ni toa. Zikishalingana ukubwa, kuzijumlisha tu kutazifuta, na kujumlisha hukosewa mara chache kuliko kutoa.

Ili 4y iwe 12y, nazidisha M1 kwa 3. Ili 6y iwe 12y, nazidisha M2 kwa 2.

M3 = 3 × M1: 9x + 12y = 30
M4 = 2 × M2: 10x − 12y = 8

Kwa nini tunaruhusiwa? Kama 3x + 4y ni sawa na 10, basi mara tatu ya 3x + 4y ni sawa na mara tatu ya 10. Jozi yoyote ya namba iliyoufaa M1 inaufaa M3. La pili, na hili ndilo lenye uzito, safari ina kurudi: ukiugawa M3 kwa 3 unaupata M1 vilevile ulivyokuwa. Hakuna jibu lililopotea njiani wala jibu geni lililojipenyeza. Ndiyo maana sifuri imekatazwa. Ukizidisha M1 kwa sifuri unabaki na 0 = 0, jambo ambalo ni kweli kwa namba yoyote duniani, na hakuna namna ya kurudi ulikotoka.

Kosa la kawaida hapa ni kuzidisha upande wa kushoto na kuusahau wa kulia, ukaandika 9x + 12y = 10. Huo si M1 tena kwa sura nyingine, ni mlinganyo mwingine kabisa. Ukiendelea nao utafika 19x = 18, na mwanafunzi atahangaika na sehemu mbaya mbaya bila kujua kwamba hitilafu iko nyuma, kwenye 10 ambayo haikuguswa.

Sasa jumlisha M3 na M4. Tisa x na kumi x ni 19x. Kumi na mbili y toa kumi na mbili y ni sifuri. Thelathini na nane ni 38.

M3 + M4: 19x = 38

Inawezekanaje kuchukua mlinganyo mmoja na kuumwagia mwingine? Fikiria mizani ya dukani iliyotulia sawa. Ukiongeza uzito uleule pande zote mbili, inabaki imetulia. M4 inatuambia kwamba 10x − 12y na 8 ni kiasi kilekile kwa maandishi mawili tofauti. Basi nilipoongeza 10x − 12y kushoto kwa M3 na 8 kulia kwake, niliongeza kitu kimoja pande zote. Hapa pia pana kurudi, kwa sharti kwamba hujautupa M3: toa M3 kwenye huo mstari mpya, utaupata M4. Mstari wa 19x = 38 peke yake haujui lolote kuhusu y. Ni lazima mmoja wa ile ya awali uendelee kukaa pembeni yake.

Nagawa kwa 19, x ni 2. Nairudisha kwenye M1: mara tatu ya 2 ni 6, kwa hiyo 6 + 4y = 10, 4y ni 4, na y ni 1.

Kuhakiki kunafanywa kwenye M2. Wengi huhakiki kwenye mlinganyo uleule waliotumia kuipata y, na huo hautakukatalia hata kama umekosea. Tuseme uligawa vibaya ukapata x ni 3. M1 ingekupa 9 + 4y = 10, yaani y ni robo, na ukihakiki kwenye M1 ungeona 9 jumlisha 1 ni 10, kila kitu shwari. Lakini M2 ingesema 15 toa moja na nusu ni 13.5, wakati inadai 4. Kwa jibu letu, M2 inasema 10 toa 6 ni 4. Imekubali.

Ningemtumia majibu hapo hapo, isipokuwa nimeikuza picha tena. Ile alama ya toa kwenye mstari wa pili imelala juu kabisa ya mstari wa buluu wa daftari. Je, ni toa, au ni jumlisha ambayo kijiti chake cha wima kimefifia? Penseli ni hafifu na kivuli kinaanzia hapohapo. Dawa ni kujaribu usomaji wa pili, tuone unatoa nini.

Kama M2 ni 5x + 6y = 4, basi M4 inakuwa 10x + 12y = 8. Alama za y sasa zinafanana, kwa hiyo kujumlisha hakutafuta kitu. Tunatoa, na naanza na M4 ili x ibaki chanya: 10x toa 9x ni x, 12y toa 12y ni sifuri, 8 toa 30 ni −22. Basi x ni −22. Kwenye M1, mara tatu ya −22 ni −66, kwa hiyo 4y ni 76, na y ni 19. Hakiki kwenye M2: mara tano ya −22 ni −110, mara sita ya 19 ni 114, jumla yake 4. Nayo imekubali!

Shuleni tumezoea kuamini kwamba jibu likitoka namba kamili, bila sehemu wala desimali, tumesoma swali sawasawa. Hapa usomaji wote wawili umetoa namba kamili, na wote wawili umepita uhakiki. Uhakiki unathibitisha kwamba hesabu yangu inapatana na nilichonakili. Kama nilichonakili ndicho kilichokuwa ubaoni, hilo hauna habari nalo. Naweza kusema 2 na 1 zinafanana zaidi na mazoea ya mwalimu anayetunga zoezi kuliko −22 na 19, lakini huko ni kukisia.

Ushahidi uko kwenye karatasi. Kwanza naitazama alama ya jumlisha kwenye M1, iliyoandikwa na mkono uleule. Kijiti chake cha wima kinapanda juu ya mlalo na kushuka chini yake. Kama mwandishi huyu angeandika jumlisha kwenye M2, mstari wa buluu ungeficha ule mlalo tu, na ncha mbili za kijiti zingeonekana juu na chini. Ikiwa picha haionyeshi hata hizo, namwomba apige nyingine mchana karibu na dirisha, simu ikiwa juu ya ukurasa moja kwa moja, mwanga ukitoka ubavuni na taa ya kamera imezimwa, kwa sababu taa hiyo huifanya penseli ing'ae na kufutika. Au njia fupi kuliko zote: anitumie sauti akiusoma mstari wa pili neno kwa neno. "Tano eksi toa sita wai sawasawa na nne." Sikio halichanganyi toa na jumlisha.

Njia hii ni ya kale sana. Iko katika sura ya nane ya kitabu cha Kichina cha hesabu kiitwacho Sura Tisa, chenye umri wa takriban miaka 2000. Huko namba zilipangwa kwa vijiti juu ya ubao, safu kando ya safu, wakazidisha na kutoa mpaka safu moja ibaki na kitu kimoja. Liu Hui, aliyekiandikia kitabu hicho maelezo mwaka 263, anaeleza kwamba vijiti vyekundu vilikuwa vya chanya na vyeusi vya hasi. Nampenda kwa hilo. Alama ya kijiti ilikuwa rangi yake mwenyewe, haikutegemea kistari chembamba kinachoweza kumezwa na mstari wa daftari.

Mara nyingine y inapofutika, x nayo hufutika pamoja nayo. Chukua 3x + 4y = 10 na 6x + 8y = 4. Zidisha wa juu kwa 2 uutoe kwenye wa chini: kushoto sifuri, kulia −16. Sifuri haiwezi kuwa −16, maana yake hakuna jozi inayofaa, na ukiichora milinganyo hiyo utapata mistari miwili sambamba isiyokutana. Kwa swali lililokuja kwa picha, kabla ya kuandika kwamba halina jibu, angalia kama 8 ile si 3 iliyofungwa na kivuli. Na kama mstari wa chini ungekuwa 6x + 8y = 20, ungebaki na 0 = 0. Hapo wa chini ni wa juu uliozidishwa kwa 2, hauongezi habari yoyote, na majibu hayana mwisho: x ikiwa 2, y ni 1, x ikiwa 6, y ni −2, x ikiwa −2, y ni 4.