Nukuu Iliyo Nyuma ya Kila Dosari

Modeli ya lugha inapopewa matini na vigezo vya kuikagulia, hukumu yake kwamba kigezo fulani hakikutimizwa haina uzito mpaka iambatane na maneno yenyewe yaliyoisababisha, yakiwa yamenakiliwa herufi kwa herufi, kwani modeli huweza kueleza kwa ufasaha kasoro ya sentensi ambayo haimo kabisa katika matini. Nukuu hiyo hukaguliwa na programu ya kawaida, ambayo huitafuta ndani ya matini pasipo kukisia.

Tuseme tangazo kwa wafugaji linasema: “Kila mfugaji alete ng’ombe wake kwenye josho siku ya Jumamosi”, na kigezo kinadai tarehe kamili. Modeli inajibu kwamba kigezo kimeanguka, na inanukuu: “alete ng'ombe wake kwenye josho Jumamosi”. Katika lugha ya Python ukaguzi ni mstari mmoja:

```python
mahali = matini.find(nukuu)
```

Jibu ni `-1`, yaani nukuu haimo, na sababu ni mbili zisizolingana uzito. Kwanza, ritifaa ya “ng’ombe” katika tangazo ni ya kupinda ilhali ya modeli ni iliyonyooka, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Tofauti ya namna hiyo, pamoja na nafasi zilizorudiwa na mikato ya mistari, husawazishwa pande zote mbili kabla ya kutafuta. Pili, modeli imeangusha maneno “siku ya”, na hapo nukuu hukataliwa na modeli hutakiwa kunakili upya, hata kama hukumu yake ilikuwa sahihi. Kuridhika na mfanano wa karibu ni hatari kubwa katika Kiswahili, ambamo “watalipa” na “hawatalipa” hutofautiana kwa herufi mbili tu.

Kigezo cha tahajia kina mtego wake, kwa kuwa modeli inaponakili neno lililokosewa huelekea kulisahihisha bila kusema, na hivyo kufuta ushahidi iliotakiwa kuuleta. Kigezo kinachoanguka kwa sababu ya kitu kukosekana, kwa mfano tangazo lisilotaja siku yoyote, hakina maneno ya kunukuliwa. Ni lazima kiwe na jibu lake la pekee, la sivyo modeli itaokota maneno yoyote ili kujaza pengo, au italeta nukuu tupu, ambayo `find` huipa `0` kana kwamba imeonekana mwanzoni mwa matini. Kwa hiyo nukuu tupu huzuiwa mapema, na nukuu fupi mno kama “na” pia, kwa sababu huonekana kila mahali bila kuthibitisha lolote.

Nukuu iliyopatikana huthibitisha tu kwamba maneno yamo; kama kweli yanavunja kigezo, hilo bado huamuliwa na msomaji, ambaye sasa anajua pa kutazama.