Njeo katika Ripoti ya Maabara

Katika ripoti ya maabara, wakati uliopita hueleza kilichotendeka na kwisha, na wakati uliopo hueleza linalobaki kuwa kweli hata vyombo vikisharudishwa kabatini. Jaribio la pendulamu yenye uzi wa mita 1 linaonyesha tofauti hiyo vizuri. Utangulizi hubeba nadharia: "Muda wa mbembeo mmoja hutegemea urefu wa uzi."

Sehemu ya mbinu huhamia wakati uliopita: "Uzi ulifungwa kwenye kishikizo, na mibembeo 20 ilipimwa kwa saa ya kusimamisha." Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kunakili maagizo ya mwalimu, "Funga uzi, pima muda," na ripoti ikageuka mwongozo.

Matokeo nayo yalishapatikana: "Mibembeo 20 ilichukua sekunde 40.2." Lakini jedwali bado liko mbele ya msomaji, hivyo huandikwa "Jedwali la 1 linaonyesha."

Majadiliano ndiyo magumu zaidi, kwa sababu njeo mbili hukutana katika sentensi moja: "Mchapuko uliopatikana ulikuwa 9.77 m/s², jambo linaloashiria kwamba kipimo kinakubaliana na nadharia." Kipimo ni cha siku ile, tafsiri yake ni dai la sasa. Anayeandika "Mbembeo mmoja huchukua sekunde 2.01" amegeuza kipimo kimoja kuwa kanuni, ilhali uzi mrefu zaidi ungetoa jibu jingine. Hitimisho hufuata mgawanyo huohuo.