Uainishaji wa Urefu wa Irabu za Kiha kwa Data Chache

Kiha, lugha isemwayo Heru Juu wilayani Kasulu, hutofautisha irabu fupi na ndefu. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba mtafiti amepima irabu fupi tatu za milisekunde 80, 90 na 100, na ndefu tatu za 150, 160 na 170.

Regresheni ya lojistiki hukwama hapa kwa kuwa makundi hayaingiliani: kadiri mwinamo unavyoongezwa, ndivyo modeli inavyozidi kuilingana data, bila kikomo. Dalili yake ni mwinamo mkubwa wenye kosa sanifu kubwa zaidi. Uchanganuzi bainishi wa mstari hutumia wastani wa kila kundi, yaani 90 na 160, pamoja na varianzi ya pamoja, 100. Mwinamo huwa (160 − 90)/100 = 0.7, na mpaka milisekunde 125.

Efron (1975) alionyesha kwamba, msambao ukiwa wa kawaida na varianzi zikiwa sawa, ufanisi wa regresheni kwa kawaida huwa kati ya nusu na theluthi mbili ya ule wa uchanganuzi bainishi. Hata hivyo, vipimo sita havitoshi kuthibitisha sharti hilo. Iwapo irabu ndefu hutawanyika zaidi, mpaka wa 125 utazihesabu baadhi yake kuwa fupi.