Picha Iseme Nini, Maneno Yaseme Nini?

Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu vijijini kutoka Garissa kwa ngamia. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema na mikeka, na watoto huketi kivulini wakasoma. Wengi wao nyumbani husema Kisomali, chuoni husoma Kiarabu, na Kiswahili hukutana nacho shuleni pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo mama wa Garissa anayemchagulia bintiye hadithi ya picha ana swali ambalo mama wa Lamu hana: umri ulioandikwa nyuma ya jalada ni umri wa akili, au ni umri wa lugha?

Sisi twaona ni mambo mawili mbalimbali. Binti wa miaka tisa aliyechunga mbuzi na kuona ukame ukimpa kitabu kinachosema tu kwamba huyu ni paka, atakicheka. Ukimpa kile cha binti wa miaka tisa wa pwani, atakwama ukurasa wa kwanza. Anachohitaji ni kisa kizito kwa maneno mepesi, na hapo ndipo picha inapobebeshwa mzigo wake.

Wepesi wa maneno haupimwi kwa kuyahesabu. Vitabu vingi hupangwa madaraja kwa idadi ya maneno katika ukurasa, kipimo kinachokifaa Kiingereza kuliko lugha yetu. "Hawatamtafuta" ni neno moja, lakini ndani yake mna kukanusha, watendaji, wakati ujao, mtendwa na kitendo chenyewe. Mama aangalie vitenzi kwanza. "Mbuzi amepotea" humfaa anayeanza. "Mbuzi aliyepotea hakupatikana" ni maneno matatu tu, lakini yasubiri mwaka mmoja au miwili.

Tuchukue ukurasa mmoja, tuliotunga wenyewe kwa mfano. Halima yuko ukingoni mwa mto Tana, na mtoto wa ngamia amenasa. Maandishi yasema: "Halima anavuta kamba. Mtoto wa ngamia hatoki. Halima anaogopa." Kisomali hakina sauti ya v, hivyo msomaji wetu huenda akatamka "anafuta". Picha ikionyesha kamba iliyokazwa na visigino vya Halima vimezama ardhini, maana ya kuvuta itamjia bila kamusi, na matamshi yatafuata. Lakini mchoraji akimchora amesimama akitabasamu, kamba imelegea mkononi, mtoto atadhani neno hilo ni kushika, na picha itakuwa imemfundisha kosa.

Tope halikutajwa, limechorwa, na ukurasa unaofuata ndio utakaolipa jina. Nyuma ya Halima macho mawili ya mamba yameelea majini. Maandishi hayasemi lolote juu yake. Msomaji ajua kabla ya Halima kujua, na hofu hiyo ndiyo itakayomfanya afungue ukurasa. Ajabu ni kwamba baadhi ya vitabu hueleza kwa maneno kila kilichochorwa, kisha vikamnyima mtoto kazi ya kutazama.

Picha pia iwe kweli. Ngamia wa Garissa ana nundu moja. Akichorwa mwenye mbili, mtoto aliyekua zizini atacheka mahali pa kuogopa. Kadhalika nyumba ya wafugaji, ile ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, ambayo akina mama huijenga na kuibomoa wakihama. Haina paa la kuchongoka kama msonge wa bara.

Kabla ya kuazima, mama afunike maandishi kwa kiganja na amwambie bintiye asimulie picha kwa Kisomali. Asipopata kisa chochote, picha ni pambo tu. Kisha amsikilize akisoma. Akisema "analia" mahali palipoandikwa "anaogopa", anasimulia uso wa Halima, hasomi herufi. Na amsomee ukurasa huo tena, kidole kikifuata neno. Maneno mawili asiyoyajua wala kuyaona pichani, katika ukurasa mfupi kama huu, kwetu yatosha kukirudisha kitabu sandukuni kwa sasa.

Yako maneno ambayo mchoraji hodari hawezi kuyachora: kesho, labda, kwa sababu. Hadithi ikisema kwamba kesho baba atarudi na watu wa kusaidia, hakuna rangi itakayoonyesha hiyo kesho. Hayo mama ayatafute kwanza, na amtajie mtoto kwa Kisomali, "berri" kwa "kesho", kabla hawajafungua ukurasa wa kwanza.