Fundo la utepe lisiloanguka



Mara nyingi tumeona jambo hili kwenye matanga. Bamama wa jumuiya wamelala usiku wakitengeneza taji la maua, majani ya sipre yamepangwa vizuri, lakini asubuhi, mbele ya jeneza, fundo la utepe limelala juu yake sawa nguo yenye kuloa. Familia haisemi kitu, lakini macho yanaona. Watu wanasema, "Utepe ni mbaya." Hapana. Kosa liko katikati ya fundo, pale vidole vinapobana.

Kwanza, ujue utepe wenyewe. Ule unaofaa una waya nyembamba ndani ya kingo zote mbili. Dukani, kunja kona yake kwa kidole: ikibaki imekunjwa, waya iko. Ikirudi yenyewe, ni utepe mtupu, nao hautasimama.

Tuchukue taji la sentimeta 60 kwa upana. Fundo lake liwe karibu na sehemu moja ya tatu, ndiyo sentimeta 20. Nunua metre 2 za utepe wenye upana wa sentimeta 6. Utafanya masikio 6, kila moja la sentimeta 10, na mikia 2 ya sentimeta 25. Usikate kitu kwanza! Anayekata mbele ya kufunga ndiye anayepungukiwa.

Acha mkia wa sentimeta 25, kiisha bana utepe hapo kwa kidole gumba na kidole cha pili, ukiukunja sawa kipepeo. Sasa angalia vizuri. Utepe mwingi una uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Ukibana, mgongo unageuka na kukutazama. Kwa hiyo zungusha ule utepe mrefu nusu mzunguko palepale chini ya kidole, mpaka uso urudi juu. Hii ndiyo siri yote. Utaifanya kila mara unapobana, bila kusahau hata mara moja.

Zungushia utepe juu ya kidole gumba, upate sikio dogo la katikati. Bana, zungusha. Fanya sikio la sentimeta 10 upande wa kushoto, rudi katikati, bana, zungusha. Lingine kuume, vilevile. Endelea kushoto na kuume mpaka masikio yawe matatu kila upande. Utepe unaobaki ni mkia wa pili. Vidole vitauma, lakini usiachilie.

Sasa muombe mtoto akupe waya ya kufungia, sentimeta 30. Nyuzi tatu au nne za shaba kutoka kamba ya umeme iliyokufa nyumbani zinatosha, ukizisokota pamoja: ni laini na haziingii kutu nyekundu. Lakini usitume mtoto kukata waya ya kompani. Fundo halina bei ya maisha yake. Pitisha waya ndani ya lile sikio dogo, ishuke nyuma pande zote mbili. Shika ncha zake kwa nguvu na uzungushe fundo lenyewe, si waya. Hivi inakaza kuliko vidole vinavyoweza.

Kisha fanya jaribio: shika fundo kwa waya tu, ulitikise. Sikio likiteleza, ongeza mizunguko miwili. Ni afadhali liteleze jikoni kuliko makaburini.

Baada ya hapo, vuta masikio moja moja, la kwanza juu, la pili chini, na uingize kidole ndani ya kila moja ili waya ikae mviringo. Mikia, ikunje mara mbili kwa urefu, ukate mshazari kutoka kingo za nje kupanda kwenye mkunjo. Tumia makasi ya zamani, maana waya inaharibu makasi ya kushonea.

Zile ncha za waya zilizobaki nyuma ndizo zinazofunga fundo kwenye taji. Kwenye tawi la mti wa Noeli, zungushia karibu na shina la tawi. Kwenye ncha, uzito utaliinamisha. Kwa zawadi ndogo, masikio 4 ya sentimeta 5 na utepe mwembamba yanatosha.

Jambo moja la mwisho. Desemba kwetu ni mvua, na waya ya chuma ndani ya utepe wa bei ndogo inatia madoa ya kutu. Fundo la mlangoni, weka chini ya baraza.

Na likiharibika mara ya kwanza, usilie hasara. Fungua, nyosha kingo kwa vidole, anza tena: utepe ule ule unakubali.