Mshauri asiyetoa jibu: kazi yake ni ipi?

Wengi wetu tukimwendea mshauri nasaha tunataka jibu. Tumepanga foleni, tumesema ya moyoni, basi tuambiwe la kufanya. Ndiyo maana wengine hutoka wakinung'unika: "Amenisikiliza tu." Lakini katika ushauri nasaha unaomweka mteja katikati, kusikiliza ndiyo kazi yenyewe, na ipo njia ya kujua kama imefanywa vizuri.

Aliyeasisi ushauri wa aina hii ni Mmarekani Carl Rogers (1902–1987). Katika makala aliyochapisha mwaka 1957 alitaja mambo ambayo mtu hawezi kubadilika bila hayo. Mawili kati yake ni kumthamini mteja bila masharti na kuelewa kwa usahihi anavyohisi. Kumthamini si kuafiki kila alilotenda. Ni kwamba heshima yake mbele ya mshauri haipandi akisimulia mema wala haishuki akifichua aibu. Kuelewa kwa usahihi ni kuyaona mambo kama ayaonavyo yeye, huku mshauri akikumbuka kwamba hayo si yake.

Mwaka 1964 Rogers alirekodiwa kwenye filamu akizungumza kwa takriban nusu saa na mwanamke aliyejulikana kwa jina la Gloria. Mama huyo alikuwa ameachana na mumewe. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amemuuliza kama amewahi kulala na mwanamume baada ya talaka. Akamdanganya kwamba hajawahi, na uongo huo ukawa unamsumbua. Alitaka Rogers amwambie moja kwa moja: akimweleza binti ukweli, atamdhuru?

Rogers hakusema ndiyo wala hapana. Alikiri kwamba angependa kumpa jibu, ila jambo la ndani kiasi hicho hawezi kumwamulia, bali anaweza kumsaidia alitafute. Alipoendelea kumsikiliza alimrudishia kilichokuwa chini ya swali: je, binti akimjua mama yake alivyo, bado atamkubali? Taratibu ikaonekana kwamba Gloria mwenyewe ndiye aliyekuwa hajajikubali.

Tulete jambo hili kwetu. Tuchukue mfano wa mama anayeuza nguo mpakani, aliyerejea na mtoto aliyezaliwa kambini. Anamwambia mshauri: "Mwanangu ameniuliza baba yake yuko wapi. Nikasema alikufa. Si kweli, alituacha."

Mshauri wa kwanza anajibu: "Mama, mtoto ana haki ya kujua. Mwambie leo." Huenda ni ushauri mwema, lakini mama ameshahukumiwa, na mengine aliyotaka kusema atayameza. Wa pili anasema: "Ulimwambia amekufa, kumbe aliwaacha." Huyo amerudia maneno kama kasuku. Wa tatu anasema: "Ulitaka kumkinga, mama. Na sasa kama unaogopa kwamba akijua, ataona ninyi wawili mlikuwa watu wa kuachwa."

Mama ananyamaza kidogo, kisha anasema: "Hasa. Tena si yeye tu. Hata mimi najiona hivyo." Hapo mshauri hakimbilii kumwambia, "Usiseme hivyo, wewe ni mama mzuri." Sifa nayo ni hukumu, ila imevaa nguo nzuri. Anasema tu: "Aibu hiyo umeibeba peke yako muda mrefu."

Tazama neno "kama" katika jibu la tatu. Mshauri anakisia na kumwachia mama nafasi ya kumsahihisha. Mama angesema, "Hapana, siogopi hilo, nina hasira," mshauri angeiacha aibu na kuifuata hasira. Dalili ya kwamba amepatia ni mteja kuongeza jambo ambalo hakuja nalo. Dalili ya kukosea ni mteja kuanza kujieleza upya, kujitetea, au kuitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusonga mbele.

Njia hii ina mipaka. Gloria siku hiyohiyo alizungumza pia na wataalamu wengine wawili, Fritz Perls na Albert Ellis, wenye njia tofauti kabisa, na wakati ule alisema Perls ndiye angemfaa zaidi. Nusu saa haitoshi kupima kila kitu. Tena mtu akisema anataka kujiua, au mtoto yumo hatarini, mshauri hawezi kubaki akisikiliza tu. Lazima achukue hatua za kulinda uhai.

Na yule mama wa mpakani, atamwambia mwanawe? Mshauri hajui, wala si juu yake kuamua. Lakini mama akishaweza kulitamka neno "alituacha" mbele ya mtu ambaye hakumdharau, siku atakapoketi na mwanawe halitakuwa linatoka kinywani mwake kwa mara ya kwanza.