Safari ya Vumbi la Sahara

Mwezi wa Juni mwaka 2020, wakazi wa kisiwa cha Barbados, katika Bahari ya Karibi, waliona mbingu yao ya samawati imegeuka rangi ya maziwa na jua limefifia kana kwamba limefunikwa shashi. Na kilichoziba anga hakikuwa ukungu wala moshi, bali udongo wa Sahara, uliovuka Bahari ya Atlantiki kiasi cha kilomita 5,000 katika muda upatao juma moja.

Huenda mtu akastaajabu jinsi udongo, wenye uzito kuliko hewa, usivyozama njiani; nayo siri imo katika udogo wa chembe. Upepo wa jangwani husukuma kwanza mchanga, ambao huruka na kuanguka, na kwa kila pigo huung'oa ardhini ule unga laini ulioshikamana. Mchanga wenyewe hurejea chini upesi. Lakini chembe yenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimita hushuka kama mita 700 tu kwa siku, na iliyo ndogo mara tano kuliko hiyo haifikishi hata mita 30.

Joto kali la kiangazi hulipandisha vumbi hilo hadi kilomita tano au zaidi, na hewa iliyolibeba, ifikapo pwani, kwa kuwa ni moto na kavu, huipanda hewa baridi ya baharini na kuelea juu yake, huku pepo za mashariki zikiisukuma kwenda magharibi. Huko juu imekwepa sehemu kubwa ya mvua, ambayo aghalabu ndiyo ifagiayo anga.

Tabaka hilo la hewa yenye vumbi ndilo lizuialo mvua ng'ambo, kwani hewa yake ya moto hulifunika wingu mfano wa kifuniko cha chungu, lisipate kukua kwenda juu. Na ukavu wake huyanyausha mawingu yanayojaribu kupenya. Chembe zinazoshuka hutawanya mwanga, hata vitu vya mbali visionekane. Na zile zilizo ndogo kuliko sehemu mbili na nusu za elfu ya milimita hupenya ndani kabisa ya mapafu, zikawataabisha hasa wenye pumu.

Vumbi hilo hutambulika kwa kuwa ukungu wa kawaida huondoka jua likipanda, ilhali lenyewe hubaki. Lakini ushahidi ulio thabiti zaidi kwamba latoka Afrika ni ule ulioanza kukusanywa Barbados mwaka 1965 na mtaalamu wa Kimarekani Joseph Prospero: hewa ya baharini hupitishwa katika chujio, chumvi ikaoshwa kwa maji, kisha chujio likachomwa, na majivu yanayosalia, yenye wekundu wa ardhi ya Afrika, hupimwa katika mizani.